Sura ya Tano: Ndugu Waliomweka Kitini

Mwaka 1375 Abdurrahman Ibn Khaldun alikuwa safarini kwenda kufanya kazi asiyoitaka. Sultani wa Tlemseni, Abu Hammu, alimtuma kwa Wadawawida, Waarabu wa nyikani, akawabembeleze wapande farasi wampiganie. Ibn Khaldun aliijua kazi hiyo kuliko karani yeyote wa Maghrib. Kwa miaka kadhaa alikuwa dalali wa vita: leo anamkusanyia sultani huyu wapanda farasi, kesho anamkusanyia hasimu wake. Ilimbidi ajue ni ukoo gani una watu watakaokufa kwa ajili ya wenzao, na ni upi una watu watakaogeuza farasi mara tu fedha zikichelewa. Safari hii hakufika. Alikata njia, akaomba hifadhi kwa jamaa wa Awlad Arif, nao wakampa yeye na familia yake makao katika ngome ya Ibn Salama, magharibi mwa Aljeria ya leo. Alikaa huko karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, akaandika rasimu ya Mukadima, kitabu alichokikusudia kiwe utangulizi wa historia yake kubwa, na ambacho leo kinasomwa na wengi wasioigusa hiyo historia yenyewe.

Alizaliwa Tunisi mwaka 1332. Ukoo wake ulikuwa umehama Sevilla, Andalusia, na asili yake ya mbali ni Hadhramaut, huko huko walikotoka masharifu na mashekhe wengi wa Lamu, Unguja na Komoro. Tauni kubwa ilimchukulia wazazi na walimu akiwa kijana. Baada ya hapo akazunguka katika ikulu za Tunisi, Fezi, Granada na Bijaya, akipanda cheo hapa na kutiwa gerezani pale. Mabwana wake wengi walikuwa na jambo moja la pamoja. Wahafsi wa Tunisi, Wamarini wa Fezi na Wazayani wa Tlemseni walikuwa wakitawala vipande vya dola moja iliyopasuka miaka mia moja na ushee kabla yake, dola ya Wamuwahidi. Kwa hiyo Ibn Khaldun hakuwa akijiuliza kwa nini dola huanguka kama mwanafalsafa aliyejikalia barazani. Alikuwa akila mshahara kutoka kwenye mabaki ya moja.

Jibu lake aliliita asabiya. Ni ile nguvu inayomfanya mtu aone kwamba aliyempiga ndugu yake amempiga yeye. Chimbuko lake ni nasaba, lakini Ibn Khaldun hakuwa mjinga wa damu. Alisema waziwazi kwamba nasaba yenyewe ni jambo la kudhaniwa tu, halina faida isipokuwa kwa ule ukaribu linaouleta. Watu wanaweza kushikamana kwa kiapo, kwa mtumwa aliyeachwa huru na kubaki na waliokuwa mabwana zake, au kwa kulelewa pamoja. Kinachohitajika ni maisha ambayo mtu hawezi kuyaishi peke yake. Nyikani na milimani hakuna ukuta wa mji wala askari wa zamu, na anayekulinda usiku ni binamu yako. Ndiyo maana asabiya hustawi huko na kufifia mjini, ambako ulinzi ni kazi ya serikali na chakula ni kazi ya soko.

Wengi wakifika hapo hufunga kitabu na kudhani wameshaelewa: watu wa nyika ni wakali, wakiingia mjini wanalegea kwa raha, wanakuja wakali wengine. Hayo yamo, na Ibn Khaldun anayasema. Lakini yakisomwa hivyo yanabaki mawaidha dhidi ya anasa. Ninavyoona, uzito wa nadharia uko kwingine: kwamba asabiya huvunjwa na mfalme mwenyewe, kwa makusudi, tena mapema, kwa sababu wale wale waliomweka kitini ndio wenye haki ya kumwondoa. Hakuna mahali panapoonyesha jambo hili vizuri kuliko historia ya Wamuwahidi.

Ilianza na mwanachuoni mmoja wa kabila la Hargha, tawi la Wamasmuda, katika milima ya kusini mwa Moroko. Muhammad Ibn Tumart alisafiri Mashariki kutafuta elimu, akarudi akiwa mkemeaji wa maovu asiyeogopa mtu. Alimkabili hata Ali bin Yusuf, mtawala wa Wamurabiti, katika mji wake mkuu wa Marakeshi. Alipofukuzwa alirudi kwao mlimani, na mwaka 1121 akatangaza kuwa yeye ndiye Mahdi. Baadaye akahamia Tinmal, bonde lililojificha katika milima ya Atlasi, na hapo ndipo alipoanza kujenga kitu ambacho Wamasmuda hawakuwa nacho kabla yake.

Wamasmuda walikuwa wengi na hodari, lakini kila bonde lilikuwa na ugomvi wake na bonde la pili. Ibn Tumart hakuvunja makabila yao, aliyapanga. Aliunda baraza la watu kumi wa karibu, chini yake baraza la hamsini, na kila kabila likapewa nafasi yake katika safu, vitani na katika mikutano. Aliwafundisha kwa lugha yao ya Kiberiberi. Inasimuliwa kwamba alipoona wazee wa milimani wanashindwa kuhifadhi Alhamdu, aliwapanga mstari na kumpa kila mmoja neno moja la sura hiyo liwe jina lake. Wa kwanza akaitwa neno la kwanza, wa pili neno la pili, mpaka mwisho, kisha akawaamuru waitane kwa majina yao kwa zamu. Iwe ilitokea hivyo hivyo au imetiwa chumvi, masimulizi hayo yanaonyesha waliyoyakumbuka wafuasi wake: kwamba hakuna aliyekuwa na sura nzima peke yake.

Upande wa pili wa kazi hiyo ulikuwa damu. Kabla ya kushuka kuishambulia Marakeshi, Ibn Tumart aliendesha msako ulioitwa tamyizi, yaani kuwatenga wa kweli na wanafiki, na waliotiliwa shaka waliuawa kwa wingi na watu wa kabila lao wenyewe. Mtu aliyemuua binamu yake kwa ajili ya wito wa Mahdi hana tena pa kurudi. Ibn Khaldun, aliyemheshimu Ibn Tumart, hakukaa sana juu ya jambo hilo. Alilosisitiza ni kwamba dini huongeza nguvu juu ya asabiya iliyopo: inaondoa wivu na kuwafanya watu watazame upande mmoja. Akatoa mfano wa Wamuwahidi hao hao. Wazanata, kabila hasimu, walikuwa wa nyikani zaidi na wakali zaidi kuliko Wamasmuda, lakini walishindwa kwa sababu Wamasmuda walikuwa na asabiya na dini kwa pamoja. Dini ilipopoa, mizani ikarudi palepale, na Wazanata wakawashinda. Na dini bila asabiya? Hapo alikuwa mkavu kabisa. Wahubiri waliojitokeza kukemea wafalme bila ukoo nyuma yao, aliwahesabu kuwa watu wanaojitafutia kifo.

Ibn Tumart alifariki mwaka 1130, muda mfupi baada ya jeshi lake kupigwa vibaya nje ya Marakeshi. Kifo chake kilifichwa kwa muda mrefu. Aliyeshika nafasi yake hakuwa Mmasmuda. Abdulmumin bin Ali alitoka kwa Wakumiya, kabila dogo la Wazanata karibu na Tlemseni. Alikutana na Ibn Tumart jirani na Bijaya wakati Mahdi akirudi kutoka Mashariki. Ni rahisi kuona kwa nini mashekhe walimkubali. Mtu asiye na kabila mlimani hatalipendelea kabila lake, na kila mkubwa alitumaini kwamba mgeni huyo atabaki akiwahitaji. Kwa miaka kadhaa aliwahitaji kweli. Mwaka 1147 aliteka Marakeshi na kuwamaliza Wamurabiti. Mwaka 1160 akateka Mahdia, pwani ya Tunisia. Maghrib yote ikawa mkononi mwake.

Hapa ndipo Ibn Khaldun anapotaka tuangalie kwa makini. Katika hatua ya kwanza, anasema, mtawala ni mwenzao. Hafanyi jambo bila jamaa zake, kwa sababu ushindi ni wao wote. Katika hatua ya pili anaanza kuwasukuma mlangoni. Utukufu hautaki mshirika, na wanaoweza kudai ushirika si maadui wala raia wa kawaida, ni ndugu. Kwa hiyo anawakata pua jamaa zake na kukusanya watu wapya ambao hawana kitu ila alichowapa yeye.

Abdulmumin alifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Miaka michache baada ya kuiteka Marakeshi alimtangaza mwanawe kuwa mrithi, jambo ambalo Mahdi hakuliacha kwa mtu yeyote, kisha akawagawia wanawe wengine ugavana wa majimbo. Mashekhe wa Wamuwahidi wakafanywa washauri wao. Ndugu wawili wa Mahdi walipoasi, waliuawa. Alianzisha pia chuo Marakeshi, ambako vijana walihifadhi mafundisho ya Mahdi na kufunzwa kupanda farasi, kupiga mishale, kuogelea na kuvuta makasia, na walipohitimu wakaanza kuchukua kazi za wazee wao. Wengi walikuwa wana wa mashekhe hao hao, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kulalamika. Makabila ya Banu Hilal, aliyoyashinda karibu na Setifu mwaka 1153, aliyahamishia magharibi yawe sehemu ya jeshi lake. Na mwishoni mwa maisha yake akawaita Wakumiya, kabila lake dogo, waje Marakeshi wamzunguke. Mtu aliyekubaliwa kwa sababu hakuwa na kabila alikuwa amejiletea moja.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyokuwa ya kipumbavu. Dola iliyoenea kutoka Sus hadi Tripoli haiwezi kuendeshwa na baraza la wazee wa mabonde. Lakini kila mtu mpya aliyeingia alihitaji kulipwa, na hapo kamba ya pili ya nadharia inaungana na ya kwanza.

Jamaa wa mwanzo hawana gharama kubwa. Wanapigania kitu chao, wanakula walichokiteka, na wana maisha ya kijijini. Kwa hiyo dola changa, anasema Ibn Khaldun, hutoza kidogo: zaka, haraji, jizia, viwango vinavyojulikana na ambavyo havizidishwi. Mkulima akiona anabakiwa na kitu, hulima zaidi, na kodi ndogo kwa watu wengi huleta fedha nyingi. Mtawala anapoanza kununua utii, matumizi yanapanda kila mwaka huku asabiya inayonunuliwa haipandi. Inaongezwa senti hapa na pale. Kisha unawekwa ushuru malangoni mwa miji na juu ya bidhaa sokoni. Mfanyabiashara anahesabu faida, anaona haipo, anafunga duka. Mapato yanashuka, na serikali inaelewa kwamba viwango havijatosha, ikapandisha tena.

Kuna hatua mbaya zaidi, na Ibn Khaldun anaieleza kwa undani wa mtu aliyeiona. Sultani mwenyewe anaingia katika biashara. Anaona wafanyabiashara wanavyopata, naye anataka. Lakini hakuna anayeweza kushindana naye kwenye mnada. Anachukua mazao kwa bei anayoitaka, kisha anawalazimisha wachuuzi wayanunue kwa bei ya juu, tena kwa fedha taslimu. Bidhaa zinawakalia, wanauza kwa hasara ili wapate cha kula, mtaji unakwisha. Faida ya sultani ni ndogo ukiilinganisha na kodi ambayo wafanyabiashara hao wangelipa wakiwa hai kibiashara.

Kwa Wamuwahidi, miaka ya neema ilifika kwanza. Abu Yakub Yusuf, mwana wa Abdulmumin, alikuwa msomi. Ibn Tufail alikuwa tabibu wake, na ndiye aliyemjulisha Ibn Rushdi kwake. Mjukuu, Yakub al-Mansur, aliwashinda Wakastilia huko Alarko mwaka 1195, na akaanza kujenga Rabati msikiti ambao mnara wake haukukamilika mpaka leo. Hiyo ndiyo hatua ya majengo na utulivu, na mtu wa wakati huo angecheka kuambiwa kwamba msingi umeshaliwa.

Kisha akaja mwana wa al-Mansur, Muhammad an-Nasir. Mwaka 1212 alivusha jeshi kubwa kwenda Andalusia na kupigwa kipigo kinachoitwa al-Ikab, ambacho Wahispania wanakiita Las Navas de Tolosa. Mwanahistoria Abdulwahid al-Marakushi, aliyeandika miaka michache baadaye, hakutafuta sababu yake katika ushujaa wa adui. Anaeleza kwamba zamani Wamuwahidi walilipwa kila baada ya miezi minne bila kukosa, lakini chini ya an-Nasir malipo yakacheleweshwa, na hasa katika safari ile. Wakaenda vitani shingo upande. Tazama palipofikiwa. Wajukuu wa watu walioshuka kutoka Tinmal bila mshahara sasa walikuwa askari wa mshahara, na kama askari yeyote wa mshahara, waligoma kimyakimya. Kabla ya pambano an-Nasir alimuua pia Ibn Kadis, kamanda wa Kiandalusia aliyeisalimisha ngome ya Kalatrava, na Waandalusia wakavunjika moyo wote.

An-Nasir alifariki mwaka uliofuata, akamwachia kiti kijana, Yusuf al-Mustansir, aliyetawala miaka kumi na mmoja bila kutoka sana Marakeshi. Hapo mawaziri na mashekhe ndio waliotawala. Ibn Khaldun anaielezea hali hiyo kupitia mapazia. Mtawala wa kwanza yuko wazi, mtu yeyote anamfikia. Baadaye linawekwa pazia la kuwatenga watu wa kawaida, kisha la kuwatenga hata wakubwa isipokuwa wateule. La mwisho humtenga mfalme mwenyewe na dola yake: waziri anamfungia kijana humo ndani, anamwambia heshima ya ufalme ndiyo hiyo, na anawazuia hata rafiki za baba yake wasimwone. Ukitaka kujua umri wa dola, hesabu milango kati ya barabara na kiti.

Al-Mustansir alifariki mwaka 1224 bila mrithi, inasemekana kwa kupigwa pembe na ng'ombe, maana alipenda kufuga. Mashekhe, ambao nyumba ya Abdulmumin ilikuwa imewabana kwa miaka kama sabini, waliona zamu yao imerudi. Wakamweka khalifa mzee, wakamvua, akanyongwa. Aliyefuata, al-Adil, akauawa naye mwaka 1227. Nguvu ya kuua makhalifa walikuwa nayo. Ile ya kushikamana kwa ajili ya mmoja ilikuwa imekwisha. Mdogo wake al-Adil, al-Maamun, akiwa Sevilla, alipata wapanda farasi Wakristo kwa mfalme wa Kastilia, akavuka nao bahari, na mwaka 1230 akaingia Marakeshi. Alipanda mimbari ya mji wa Wamuwahidi akatangaza kwamba Ibn Tumart hakuwa Mahdi, akafuta jina lake, kisha akawaua mashekhe kwa wingi.

Kwa mantiki ya mfalme, alikuwa amemaliza kazi aliyoianza babu wa baba yake, Abdulmumin. Washirika wote walikuwa wamekwisha. Lakini Wahafsi, wajukuu wa sahaba mkubwa wa Mahdi, walikuwa wameshajitenga Tunisi mwaka 1229, wakisema wao ndio wanaoilinda njia ya kweli. Yaghmurasani akashika Tlemseni katika miaka hiyo hiyo. Wamarini, Wazanata wachungaji waliokuwa wakiingia na mifugo yao kila msimu na kuona jinsi mabonde yalivyokuwa hayana mlinzi, wakasogea mji kwa mji. Mwana wa al-Maamun, ar-Rashid, alirudisha jina la Mahdi ili kuwapatanisha mashekhe waliobaki, na kwa kitambo ilionekana kama dola inafufuka. Ibn Khaldun alikuwa na tahadhari kuhusu nyakati kama hizo: utambi wa taa huwaka ghafla kwa nguvu kabla ya kuzimika. Mwaka 1269 Wamarini waliingia Marakeshi.

Kutoka 1147 hadi 1269 ni miaka 122. Ibn Khaldun alisema dola kwa kawaida huishi vizazi vitatu vya miaka arubaini, hesabu aliyoitoa katika miaka arubaini ya Wana wa Israili jangwani, muda uliotosha kizazi kilichozoea utumwa kitoweke. Kizazi cha kwanza kina ukali na ushirika. Cha pili kinakumbuka tu kwamba kulikuwa na ushirika. Cha tatu kimesahau, na kinalindwa kama wanawake na watoto. Hesabu inaingia vizuri hapa hata inatia shaka, na ni haki kutia shaka, kwani Wamuwahidi walikuwa miongoni mwa mifano aliyoitumia kuijenga nadharia. Dola aliyozaliwa ndani yake haikuitii. Wahafsi walikuwa na karibu miaka mia moja na hamsini alipoandika, na waliendelea kwa karibu miaka mia mbili mingine.

Yeye mwenyewe aliacha mlango. Dola ikikaa muda mrefu, alisema, watu huzoea kutii kama wanavyozoea imani, na hapo inaweza kuendelea bila asabiya, kwa askari wa kukodi na mazoea tu, ilimradi asitokee mwenye asabiya mlangoni. Nchi zisizo na makabila, kama Misri, aliziona rahisi kutawala. Alipohamia huko mwaka 1382 alikuta watawala Wamamluki, watumwa wa Kituruki na Kicherkesi walionunuliwa wakiwa watoto na kulelewa pamoja kambini. Ukali wao haukurithiwa na wana wao. Uliagizwa upya sokoni kila kizazi. Aliusifu mpango huo kuwa rehema kwa Uislamu, na ukiufikiria unaona kwamba ulilikwepa tatizo lake zima: asabiya bila ukoo, na bila kizazi cha tatu.

Asichoweza kukiona kilikuja baadaye. Wahafsi walipoondolewa mwisho, mwaka 1574, hawakuondolewa na wachungaji walioshuka kutoka nyikani. Tunisi ilichukuliwa na meli na mizinga ya Waosmani, na mizinga hutoka katika viwanda vya mji, kwa fedha za kodi, na hupigwa na watu waliokodiwa. Kabila lililokuwa likisubiri nje ya ukuta na farasi na mikuki, lile ambalo Ibn Khaldun alitumwa kulibembeleza mwaka 1375, lilikuwa limeanza kuwa dogo kuliko ukuta.